Nifanye nini ili msimamizi aliye Seattle ajue kwamba nipo kazini?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, mwaka wa tatu wa chuo, nafanya utarajali kwa njia ya mtandao na kampuni ya programu. Msimamizi wangu yuko Seattle, wenzangu wawili wako Berlin. Kila siku saa 3 asubuhi naandika Slack, programu tunayotumia kutumiana ujumbe, nimefanya nini jana na leo nafanya nini, kama tulivyoagizwa. Mara nyingi hajibu mtu. Nikikwama nauliza inboksi, jibu linakuja usiku nimelala. Wiki hii, ya tano, msimamizi kaniambia haoni vizuri ninachofanya. Nimeumia kwa sababu nafanya kazi kweli, na sasa nakesha mpaka saa 8 usiku ili anione niko hewani. Naogopa tathmini ya mwisho. Nikiuliza sana si nitaonekana sijui kazi? Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu. Kwanza leo usikeshe. Kile kitone cha kijani pembeni ya jina lako Slack kinamwambia msimamizi kwamba kompyuta yako imewaka, basi. Hakimwonyeshi umeandika nini, umekwama wapi, wala utamaliza lini. Alichokwambia ni kwamba haoni kazi, na hilo halitatibiwa kwa yeye kukuona wewe uko macho.

Tuanze na saa, kwa sababu shida yako kubwa imejificha humo. Sisi Afrika Mashariki tuko UTC+3, yaani saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, mwaka mzima. Seattle, kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, iko UTC-7, kwa hiyo tofauti ni saa 10. Unapoandika taarifa yako saa 3 asubuhi, kule ni saa 5 usiku wa siku iliyopita na msimamizi wako anajiandaa kulala. Anafungua kompyuta saa 2 asubuhi yake, ambayo kwako ni saa 12 jioni. Katika saa zile 9 wenzako wa Berlin wamekwisha kuandika, wamejibizana, wameweka picha za skrini, na taarifa yako imesukumwa juu kabisa ambako hafiki mtu. Hajakupuuza. Amefika asubuhi akakuta rundo la ujumbe, akaanza na ule wa mwisho kama watu wote wafanyavyo.

Watarajali wengi huchukulia ukimya huo kama hasira au kutopendwa. Nimesimamia vijana walio mbali kwa muda mrefu, na karibu kila mara ukimya wa msimamizi una maana moja tu: ujumbe haukumtaka afanye lolote. "Jana nilishughulikia ripoti ya mauzo, leo naendelea" ni sentensi ya kweli, lakini anayeisoma hana cha kujibu. Ataweka alama ya dole gumba, au hataweka.

Sasa tazama kinachotokea unapokwama. Tuseme kazi yako ni kutoa ripoti ya mauzo kwenda CSV, faili la jedwali la maandishi matupu, na tarehe zinatoka vibaya. Jumanne saa 5 asubuhi unaandika inboksi: "Habari, nimekwama kwenye tarehe za ripoti. Naomba msaada ukipata nafasi." Yeye anaisoma saa 12 na nusu jioni yako, anajibu: "Umekwama wapi hasa?" Wewe umeshafunga kompyuta. Jumatano asubuhi unamweleza. Jioni anauliza umejaribu kwa data ipi. Alhamisi asubuhi unamtumia. Alhamisi jioni ndipo anapoelewa, na jibu lake unalisoma Ijumaa. Mazungumzo ambayo watu wawili wa ofisi moja wangeyamaliza wakati chai haijapoa yamekula siku 3, na katika siku hizo taarifa zako za asubuhi zote zimesema "naendelea na ripoti." Mtu wa Seattle akiziangalia kwa pamoja anaona kijana aliyesimama mahali pamoja wiki nzima.

Kwa umbali wa saa 10, kila swali ukilituma umelipia siku moja. Kwa hiyo hofu yako ya kuuliza sana iweke kando. Kinachomchosha msimamizi ni swali linalomlazimu aulize kwanza ndipo ajibu. Lifanye swali moja libebe kila kitu anachohitaji ili siku yake moja itoshe. Ujumbe uleule wa Jumanne, ukitaja Pull request, yaani ombi la kuingiza msimbo wako kwenye wa timu, ikiwa bado Draft, yaani rasimu, ningeuandika hivi (hapa kwa Kiswahili, wewe utauandika kwa lugha ya timu):

"Ripoti ya mauzo, Pull request namba 214, bado ni Draft. Tatizo: mauzo yaliyofanyika kati ya 00:00 na 03:00 kwa saa za Afrika Mashariki yanaingia kwenye tarehe ya jana. Nimeona sababu: seva inahifadhi muda kwa UTC, na faili `export.py`, mstari wa 88, linakata tarehe kabla ya kubadilisha saa. Nimeambatisha mistari miwili ya mfano. Naomba uamuzi mmoja: ripoti ifuate tarehe ya duka au tarehe ya UTC? Mimi naegemea ya duka, kwa sababu duka la dawa linalofunguliwa usiku kucha litalinganisha ripoti na daftari lake la zamu. Nisipopata jibu hadi kesho 07:00 UTC nitaendelea na ya duka. Tukibadili mawazo, ni mistari mitatu kurekebisha."

Soma tena sentensi mbili za mwisho, ndizo zenye uzito. Umemwambia utafanya nini akikaa kimya. Akikubali, hahitaji hata kuandika, na kesho asubuhi wewe unasonga. Akikataa, anaandika neno moja tu, "UTC", na umeokoa siku 2. Zaidi ya hapo ameona jinsi unavyofikiri, kwamba ulitafuta chanzo, ukapima njia mbili na ukamfikiria mwenye duka. Hicho ndicho atakachokumbuka akikaa kuandika tathmini.

Njia hii ina mpaka, na mpaka huo uuheshimu. Itumie kwa jambo linaloweza kurudishwa tu. Ukiwa unataka kufuta data, kubadilisha jedwali la hifadhidata ya wateja, kugusa malipo, au kusukuma kitu kwenye mfumo unaotumika na watu, ukimya usiuhesabu kuwa ruhusa hata ikipita wiki. Hapo unasubiri. Ili kusubiri kusiwe kukaa bure, uwe na kazi ya pili ndogo wakati wote, ambayo msimamizi ameshaikubali: majaribio yanayokosekana, au maelezo ya kufunga programu ambayo wewe uliyahangaikia wiki ya kwanza. Mtarajali aliyetoka kuhangaika na maelezo hayo anajua yalipokatika kuliko mfanyakazi wa miaka mitano.

Kuhusu muda wa taarifa ya kila siku, omba isogezwe. Mwandikie msimamizi kwamba ungependa kuiweka saa 11 jioni yako badala ya saa 3 asubuhi. Saa 11 jioni Dodoma ni saa 1 asubuhi Seattle, kwa hiyo akifungua Slack saa moja baadaye, wewe uko chini kabisa, mahali macho yake yanapoanzia. Halafu taarifa inakuwa ya kazi uliyoimaliza leo, si ahadi ya asubuhi. Kama roboti ya timu inawauliza wote saa 3 asubuhi na haibadilishwi, ijibu kwa mstari mmoja, ile nzito iandike jioni. Ukimaliza mapema, Slack ina mshale pembeni ya kitufe cha kutuma unaokuruhusu kupanga ujumbe uondoke saa fulani.

Na saa unazoandika ziandike kwa tarakimu za saa 24 pamoja na UTC. Sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri, wao kuanzia usiku wa manane, na kichwa kikichoka mtu anaandika "tukutane saa 3" akimaanisha 21:00 huku kalenda ya mwenzake ikisema 03:00. Ukiwa na mashaka, uliza kompyuta:

```
TZ=America/Los_Angeles date
TZ=Europe/Berlin date
TZ=Africa/Nairobi date
```

Kuna mtego mwingine unakuja. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. Ulaya wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa wiki hiyo moja katikati Berlin imeshasogea na Seattle bado. Baada ya hapo tofauti yako na Seattle inakuwa saa 11, na kikao kilichokuwa saa 1 usiku kwako kinaangukia saa 2 usiku. Kila mwaka nawaona vijana wakiingia kikaoni mapema kwa saa nzima, wakadhani wamefutiwa. Kikao kikiwekwa kwenye kalenda na mtu wa Seattle kitajisogeza chenyewe kwenye kalenda yako. Kikiwa kichwani mwako tu, hakitajisogeza.

Sasa hao wawili wa Berlin umewataja kwa mstari mmoja tu, ilhali mimi nawaona ndio daraja lako. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba wanapishana nawe saa 1. Wakifika kazini saa 3 asubuhi yao, kwako ni saa 4 asubuhi. Mnashiriki siku nzima ya kazi. Swali la "faili hili linafanya nini" au "kwa nini majaribio yanaanguka kwenye kompyuta yangu" halina sababu ya kuvuka bahari hadi Seattle. Waulize wao, na uwaulize kwenye chaneli ya timu, si inboksi. Ukiuliza inboksi wanajua wawili, wewe na uliyemwuliza, na akiwa likizo umekwisha. Ukiuliza kwenye chaneli, anayejua ndiye anajibu, na msimamizi akiamka anakuta swali, jibu, na wewe ukishukuru na kueleza lilivyotatuka. Kwake huo ni ushahidi kwamba ulikuwa kazini alipokuwa amelala. Najua inaogopesha kuuliza mbele ya watu. Kwa wiki ya kwanza anza na swali moja kwa siku.

Kitu cha tatu ni kazi yenyewe. Nikikisia, unaandika msimbo wiki nzima kwenye laptopu yako, na unausukuma GitHub, ghala la msimbo la mtandaoni, ukiwa umekamilika. Hapo katikati msimamizi hana pa kuangalia. Fungua Pull request siku ya kwanza ya kazi hata kama una mistari kumi tu, na uiache katika hali ya Draft:

```
git push -u origin ripoti-tarehe
gh pr create --draft
```

Kwenye maelezo yake andika unachojenga, kilichobaki, na swali kama lipo. Kila jioni kabla ya taarifa yako, sukuma ulichofanya siku hiyo, hata kama majaribio hayajapita, na useme hayajapita. Msimamizi anayeona mistari ikiongezeka kila siku hana sababu ya kukuuliza unafanya nini. Faida nyingine ni kwamba atakukosoa siku ya pili ukiwa bado hujapotea mbali, badala ya siku ya saba akikwambia urudie vyote. Kazi kubwa igawanye pia. Mabadiliko ya mistari 80 mtu anayapitia akinywa kahawa, yale ya mistari 900 anayaahirisha hadi "nikipata nafasi", na nafasi hiyo kwako ni wiki.

Juma lenu nalo halilingani. Jumatatu yako asubuhi kule bado ni Jumapili, kwa hiyo kutwa nzima hutapata jibu la Seattle mpaka jioni. Ijumaa yao alasiri kwako ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ukituma swali Jumamosi asubuhi linasubiri hadi Jumatatu jioni. Panga kazi zako kwa kufuata hilo: Jumatatu fanya kazi isiyohitaji ruhusa ya mtu, na swali lolote la uamuzi lifike kwake kabla ya Ijumaa saa 12 jioni yako. Taarifa ya Ijumaa iwe ndefu kidogo, yenye viungo vya Pull request zote za wiki. Ukiweza ongeza video ya skrini ya dakika 2 ukionyesha kitu kikifanya kazi. Taarifa hizo za Ijumaa zihifadhi kwenye faili moja. Utamtumia msimamizi wiki ya mwisho kabla hajaandika tathmini, kwa sababu naye hukumbuka zaidi ya majuzi kuliko ya mwezi wa kwanza.

Unabaki na uamuzi wa saa zako za kazi, na hapa nikupe pande zote. Ukihamia saa za Seattle kabisa, uanze saa 12 jioni umalize saa 9 usiku, utakuwa nao kila kikao. Nimewaona walioweza, wengi wao wanaishi peke yao na hawana vipindi asubuhi. Wewe ni mwanafunzi, na sidhani utafika mwezi wa tatu na akili timamu. Ukibaki mchana mtupu utalala vizuri, lakini hutawahi kuzungumza na msimamizi ana kwa ana, na kuandika peke yake hakujengi kuaminiana na mtu ambaye hajakusikia sauti. Mimi ningechukua katikati: anza saa 5 asubuhi, pumzika mchana, maliza saa 2 usiku, siku 3 kwa wiki. Hapo unapata saa 2 za pamoja na Seattle, kuanzia saa 12 jioni, na sehemu kubwa ya siku na Berlin. Siku nyingine maliza saa 11 jioni. Mwandikie msimamizi ratiba hiyo na uiweke kwenye kalenda, ajue ni lini akiuliza atajibiwa papo hapo. Kama kompyuta au intaneti yako iko mahali ambapo kurudi nyumbani saa 2 usiku si salama kwako, hilo ni jibu tosha, baki na mchana na umwombe kikao kimoja cha nusu saa kwa wiki.

Ukweli mwingine ni kwamba zipo timu ambazo kila kitu huamuliwa kwa mdomo kwenye vikao vya mchana wa Seattle, na hakuna anayeandika. Hapo hata uandishi mzuri hautatosha. Utaitambua kwa hivi: unaona kazi zimebadilika mwelekeo na hakuna mahali sababu ilipoandikwa. Omba uamuzi wa kila kikao uandikwe mistari mitatu kwenye chaneli, ujitolee kuuandika wewe kutoka kwenye rekodi ya kikao. Wengi hukubali kwa furaha, na jina lako linakuwa kwenye kila uamuzi wa timu.

Umeme na bando usiviachie kuwa siri. Slack iwe kwenye simu, na umeme ukikatika andika papo hapo: umekatika saa ngapi, na kazi ya leo itaisha lini. Maelezo hayo kesho yake yanasikika kama kisingizio.

Wiki hii mwombe msimamizi dakika 20 saa 12 au saa 1 jioni yako. Usiende kujitetea. Mwulize anapenda kuona nini na wapi, umweleze mabadiliko haya ya muda wa taarifa na Draft, kisha umwombe mkutane tena baada ya wiki 2 akwambie kama sasa anaona.

Akipita siku 3 za kazi, za kwake, bila kujibu swali lililo kwenye chaneli, usimfukuzie inboksi. Mwandikie mratibu wa utarajali wa kampuni, kwa upole, ukiweka viungo vya maswali yako. Posho ikichelewa kinyume na mkataba, nenda na mkataba wako kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia mafunzo kwa vitendo, ukae na mtu uso kwa uso, mambo ya fedha usiyamalize kwa ujumbe. Na kama usingizi hautarudi baada ya wiki 2 za kuacha kukesha, au unaamka na hofu ya kufungua kompyuta, mwone mshauri wa wanafunzi au daktari. Hilo halimalizwi kwa kupanga ratiba.

Halafu kuna mhadhiri atakayekuja kukukagua kazini, na wewe huna ofisi ya kumpeleka. Mtafute sasa, kabla hajapanga safari. Mpe barua ya kampuni, mwonyeshe Pull request zako na daftari la kila siku. Mkubaliane ukaguzi uwe kwa video saa 12 jioni, ili na msimamizi wako wa Seattle aingie, muwe watatu.